Akidi, mpasuko wa mtandao na data ya zamani: kutafuta chanzo katika klasta ya Cassandra

Malalamiko huja kwa namna mbili zinazoonekana kupingana. La kwanza: "Niliandika, mfumo ukanijibu sawa, nikasoma nikakuta thamani ya zamani." La pili: "Mfumo umekataa kuandika wakati seva yenyewe inawaka na diski ni nzima." Mara nyingi chanzo ni kimoja, mtandao uliopasuka, na tofauti iko kwenye kiwango cha ulinganifu, yaani idadi ya nakala zinazotakiwa kujibu, ambacho programu iliomba wakati ule.

Mwaka 2000 Eric Brewer alitoa dai, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha kihisabati: ujumbe unapoacha kupita kati ya pande mbili za mfumo, upande uliotengwa una njia mbili tu. Ama ukatae kujibu ili usiseme uongo, ama ujibu ukijua kwamba huenda upande wa pili una habari nyingine. Katika Cassandra, hifadhidata inayoweka nakala za data kwenye nodi kadhaa, uchaguzi huo haufanywi mara moja kwa klasta nzima. Unafanywa kwa kila ombi, na asiyeuchagua mwenyewe huchaguliwa na mipangilio ya draiva yake. Matatizo mengi ninayoyaeleza hapa yameanzia hapo.

Nitatumia klasta moja ndogo tangu mwanzo hadi mwisho. Ina nodi tatu: A (10.0.0.11), B (10.0.0.12) na C (10.0.0.13). Kila safu ina nakala tatu, yaani `N = 3`. Seva za programu ni mbili: ya kwanza imekaa karibu na A na B, ya pili imechomekwa kwenye swichi moja na C. Jedwali ni la oda, na safu tutakayoifuatilia ni oda namba 4471.

## Kabla ya yote: uliza pande zote mbili

Kosa la kwanza la anayetafuta chanzo ni kuingia kwenye nodi moja, kuendesha `nodetool status`, na kuamini anachokiona. Hakuna nodi yenye orodha rasmi ya walio hai. Kila nodi ina maoni yake, inayoyajenga kutokana na salamu zinazopita kati yao kila sekunde. Mtandao ukipasuka, maoni yanagawanyika pia:

```
# ukiuliza A
UN  10.0.0.11
UN  10.0.0.12
DN  10.0.0.13

# ukiuliza C
DN  10.0.0.11
DN  10.0.0.12
UN  10.0.0.13
```

A anasema C amekufa. C anasema A na B ndio waliokufa. Ukiona majibu yanayopishana hivi, huna nodi iliyozimika, una mpasuko. Nodi iliyozimika kweli haiwezi kukujibu chochote, wala haiwezi kupokea maandishi ya mtu. Nodi iliyotengwa inaweza, na hiyo ndiyo hatari yake.

Kama tukio limekwisha na unachunguza baadaye, logi za kila nodi zina alama za saa:

```
grep -E "is now (UP|DOWN)" /var/log/cassandra/system.log
```

Zikusanye kutoka nodi zote tatu na uzipange kwa saa. Utapata dirisha la tukio: lini kila upande ulianza kumwona mwenzake amekufa, na lini walirudiana. Kumbuka kwamba nodi haitangazi kifo papo hapo. Kwa mipangilio ya kawaida hupita kati ya sekunde 10 na 20 za ukimya kabla haijaandika DOWN. Sekunde hizo chache zina dalili zake za pekee, nami nitazirudia.

## Dalili: ombi linakataliwa ingawa nodi ni nzima

Programu inaonyesha hiki:

```
code=1000 [Unavailable exception]
message="Cannot achieve consistency level QUORUM"
info={'consistency': 'QUORUM', 'required_replicas': 2,
      'alive_replicas': 1}
```

Hili ndilo kosa la kweli kuliko yote utakayokutana nayo, na ningependa watu waache kuliogopa. Nodi iliyopokea ombi, yaani mratibu, imehesabu nakala inazoziona hai, imekuta moja, na kiwango ulichoomba kinataka mbili. Imekataa kabla ya kutuma chochote kwa yeyote. Hakuna kilichoandikwa mahali popote. Unaweza kumwambia mtumiaji "haikufanyika" kwa uhakika kamili.

`QUORUM` ni akidi, na anayejua vikao vya chama anaielewa bila kufundishwa. Kikao kisichotimiza akidi hakipitishi maamuzi, hata waliohudhuria wakubaliane kwa kauli moja, kwa sababu huenda wengine wamekutana chumba cha pili na kuamua kinyume. Akidi ya zaidi ya nusu huzuia hilo: haiwezekani vyumba viwili vyote vikawa na wengi. Kwa nakala tatu akidi ni mbili, kwa tano ni tatu.

Wengi hukosea wanaposema akidi ya nini. Inahesabiwa kwa nakala za safu husika, si kwa nodi za klasta. Klasta ya nodi 12 yenye nakala tatu bado ina akidi ya mbili. Kwa hiyo nodi mbili tu zikitengwa, safu ambazo nakala zake mbili ziko kwenye nodi hizo zitakataliwa, huku nyingine zote zikiendelea vizuri. Mtu anaona oda 4470 inakubali na 4471 inakataa, anaanza kushuku msimbo wake. Uliza safu yenyewe inakaa wapi:

```
nodetool getendpoints duka oda 4471
```

Kama nodi mbili kati ya zilizotajwa zimo kwenye orodha ya DN ya mratibu, umepata jibu. Na kama una nakala mbili tu, akidi ya mbili ni mbili. Umelipia nakala ya ziada bila kupata uvumilivu wowote wa akidi. Ongeza ya tatu, kisha fanya `nodetool repair --full` kabla ya kuamini akidi mpya, kwa sababu nakala mpya huanza ikiwa haijajazwa.

Tiba isiyofaa, ambayo nimeikuta ikiwa imefanywa usiku na mtu aliyechoka, ni kushusha kiwango hadi `ONE`, yaani jibu la nakala moja tu, ili makosa yapotee. Makosa hupotea kweli. Kinachoingia mahali pake ni dalili inayofuata.

## Dalili: kuandika kumekubaliwa, kusoma kunaleta ya zamani

Hapa ndipo kesi yetu inapoanzia. Mwandishi wa programu alijua kwamba usomaji ni muhimu, akausomesha kwa `QUORUM`. Uandishi aliuacha kama draiva ilivyokuja. Katika draiva ya Java toleo la 4 chaguo-msingi ni `LOCAL_ONE`, ambayo ni `ONE` ya ndani ya kituo kimoja cha data, na `cqlsh` yenyewe huanza na `ONE`. Aliamini kwamba kwa kuwa msomaji anauliza wengi, atapata jibu jipya.

Saa 3:00 asubuhi swichi inayomuunganisha C na wenzake inakata. Seva ya pili ya programu imebaki upande wa C.

Saa 3:04 mteja anaghairi oda 4471 kupitia seva ya pili. Maandishi yanaenda C kwa kiwango cha `ONE`. C anaandika kwenye diski yake, anajibu sawa. Mteja anaona "Oda imeghairiwa". C anajua A na B hawajapata habari hii, kwa hiyo anaiweka pembeni kama ujumbe wa kupelekwa baadaye.

Saa 3:09 ghala linasoma oda 4471 kupitia seva ya kwanza, kwa `QUORUM`. A na B wanajibu, akidi imetimia, wote wawili wanasema `imelipwa`. Mzigo unatoka.

Saa 3:25 swichi inarudi. C anapeleka ujumbe aliouweka. Dakika chache baadaye nakala zote tatu zinasema `imeghairiwa`. Mchunguzi akifika saa 5 atakuta data safi na inayolingana, na ghala lililotoa mzigo wa oda iliyoghairiwa. Kila mtu atasema mwenzake alikosea.

Hesabu iliyokosekana ni fupi:

```
R + W > N
```

`R` ni idadi ya nakala zinazojibu usomaji, `W` ni zinazothibitisha uandishi. Hapa `R` ni 2 na `W` ni 1. Jumla ni 3, nayo haizidi 3. Maana yake ni kwamba inawezekana kabisa nakala moja iliyoandikwa isiwe miongoni mwa mbili zilizosomwa, na siku ya mpasuko uwezekano huo hugeuka kuwa kawaida. Kwa `QUORUM` pande zote mbili jumla ni 4, na lazima angalau nakala moja iwe imehudhuria vikao vyote viwili. Hiyo moja ndiyo inayobeba habari mpya kwa msomaji.

Namna ya kuthibitisha baada ya tukio: soma thamani pamoja na muda wake wa kuandikwa.

```
CONSISTENCY ALL;
SELECT hali, WRITETIME(hali) FROM oda WHERE id = 4471;
```

`WRITETIME` inakuja kwa mikrosekunde tangu 1970. Igeuze kuwa saa ya kawaida. Ikiangukia ndani ya dirisha ulilolipata kwenye logi, na kabla ya usomaji wa ghala, basi uandishi ulikubaliwa na upande mmoja pekee. Ulikubaliwa kwa kiwango cha chini, kwa maana upande wa C haukuwa na akidi. Hapo hamishia uchunguzi kwenye msimbo: tafuta kila mahali kiwango kinapowekwa, na zaidi ya hapo tafuta mahali kisipowekwa. Tafuta pia jina `DowngradingConsistencyRetryPolicy`. Ni sera iliyokuwamo kwenye baadhi ya draiva ambayo ombi la akidi likishindikana hulijaribu tena kwa kiwango cha chini. Msimbo unasema `QUORUM`, lakini siku ya shida haikuwa `QUORUM`.

Sasa rudisha mkanda nyuma na uweke `QUORUM` pande zote. Saa 3:04 mteja angepata kosa la Unavailable na kuambiwa ajaribu tena. Hiyo ndiyo bei, na ni bei halisi: kwa dakika 25 kila aliyekuwa upande wa C asingeweza kughairi wala kulipa. Upande wa A na B ungeendelea bila kujua kuna shida. Kwa oda naichagua bei hiyo bila kusita. Kwa jedwali linalohifadhi mara ya mwisho mtumiaji alipoonekana, nisingeilipa. `ONE` inatosha, na kuchelewa kwa dakika chache hakumuumizi mtu. Uamuzi ni wa jedwali kwa jedwali, wakati mwingine wa swali kwa swali.

Wengine hukimbilia `ALL` kwenye uandishi wakidhani ndiyo salama zaidi. Hesabu inatimia, ndiyo, lakini nodi moja ikizimwa kwa matengenezo, uandishi wote unasimama. Akidi pande zote hukupa uhakika uleule wa kukutana na bado huvumilia kumpoteza mmoja kati ya watatu.

## Dalili: ombi "lilishindikana", kisha mabadiliko yakajitokeza yenyewe

Hii ndiyo inayowasumbua watu kuliko zote, na inatokana na zile sekunde 10 hadi 20 za mwanzo.

Tuseme viwango vimesharekebishwa kuwa `QUORUM`. Swichi inakata saa 3:00:00. Saa 3:00:05 mteja anaghairi kupitia C. C bado hajatangaza A na B kuwa wamekufa, kwa hiyo haoni sababu ya kukataa. Anaandika nakala yake, anatuma kwa wengine wawili, anasubiri. Baada ya sekunde 2, ambazo ndizo muda wa kawaida wa kusubiri uandishi, anarudisha hiki:

```
code=1100 [Coordinator node timed out waiting for
replica nodes' responses]
info={'received_responses': 1, 'required_responses': 2,
      'consistency': 'QUORUM'}
```

Watengenezaji wengi huyashika makosa haya mawili kwa mkono mmoja na kumwambia mtumiaji "imeshindikana". Lakini 1000 na 1100 ni habari tofauti kabisa. Ya kwanza inasema sikuanza. Ya pili inasema nilianza na sijui imefika wapi. Nakala ya C imeshaandikwa na Cassandra haiifuti. Haina kitu cha kurudisha nyuma uandishi ulioishia njiani. Zaidi ya hapo, C ameweka ujumbe wa kuwapelekea A na B. Saa 3:25 mtandao ukirudi, oda iliyosemwa haikughairiwa inaghairika.

Kinachofaa kufanya ukipata 1100 kinategemea kama kurudia kuna madhara. Kuweka `hali = 'imeghairiwa'` mara mbili ni sawa na mara moja, kwa hiyo rudia, na ukitaka usalama zaidi rudia kwa muhuri uleule wa muda ukitumia `USING TIMESTAMP`, hadi upate sawa. Kwa safu wima za kaunta usirudie. Ongezeko la moja likirudiwa huenda likawa mawili, na hutajua. Hesabu za fedha zisikae kwenye kaunta hizo.

Kuna njia inayoonekana ya busara lakini inadanganya: kupata 1100, kusoma kwa `QUORUM`, kuona thamani ya zamani, na kuhitimisha kwamba uandishi haukufanyika. Usomaji wako huenda umejibiwa na A na B, wakati C bado anashikilia thamani mpya. Kutoiona sasa si uthibitisho kwamba haitakuja. Kinyume chake kinaaminika: ukiiona hata mara moja kwa `QUORUM`, basi kwa mpangilio wa kawaida wa jedwali, `read_repair = 'BLOCKING'`, mratibu anaipeleka kwa nakala zilizopitwa kabla ya kukujibu, na wasomaji wa akidi wanaofuata wataiona pia. Aliyeweka `NONE` kwenye jedwali lake amepoteza ahadi hiyo, na anaweza kuona thamani mpya, kisha ya zamani, kisha mpya tena.

## Dalili: akidi pande zote, hakuna mpasuko, na bado uandishi wa mwisho umepotea

Ukifika hapa acha kutazama mtandao, tazama saa.

Nakala mbili zikipishana, Cassandra haijui ni ipi iliyofika mwisho. Inalinganisha mihuri ya muda na kuchukua kubwa. Katika draiva za sasa muhuri huo kwa kawaida unawekwa na seva ya programu, si na nodi ya hifadhidata. Kwa hiyo saa inayokuhusu kwanza ni ya seva ya programu, na wengi hukagua za nodi pekee.

Tuseme saa ya seva ya kwanza iko mbele kwa sekunde 3. Inaandika `imelipwa`, na muhuri unatoka 1718000403000000. Sekunde moja baadaye seva ya pili, yenye saa sahihi, inaandika `imeghairiwa` kwa muhuri 1718000401000000. Nakala mbili zinathibitisha. Mteja anajibiwa sawa. Na thamani hiyo haitasomwa kamwe, kwa sababu 403 ni kubwa kuliko 401. Akidi imefanya kazi yake yote: nakala zimelinganisha mihuri yote miwili na kuchagua ule mkubwa kama zilivyoagizwa.

Dalili inayotofautisha hili na mpasuko ni kwamba hutapata mistari ya DOWN kwenye logi, na `WRITETIME` ya thamani iliyobaki itakuwa mbele ya muda ambao logi za programu nyingine zinaonyesha tukio lilifanyika. Endesha `chronyc tracking` kwenye kila seva, za programu na za hifadhidata, na usome mstari wa `System time`.

Kusawazisha saa kunapunguza tatizo, hakuliondoi. Pale unaposoma kwanza, ukaamua, kisha ukaandika, hata saa kamilifu hazikusaidii, maana watu wawili wanaweza kusoma `imelipwa` kwa pamoja na kila mmoja akachukua hatua yake. Hapo unahitaji uandishi wenye sharti:

```
UPDATE oda SET hali = 'imeghairiwa'
WHERE id = 4471 IF hali = 'imelipwa';
```

Cassandra huendesha itifaki ya makubaliano iitwayo Paxos kati ya nakala, na jibu linakuja na safu wima `[applied]` yenye `True` au `False`. Inachukua safari zaidi za mtandao, na nayo inataka akidi, kwa hiyo upande wa C utakataliwa vilevile. Ikikatika muda katikati, soma kwa `SERIAL`. Usomaji huo humalizia kwanza jambo lililoachwa njiani, kisha unakuambia lilivyoishia. Sharti moja: ukianza kutumia `IF` kwenye safu wima fulani, kila anayeibadilisha atumie `IF`. Uandishi wa kawaida ukichanganyika humo, unapita bila kuulizwa sharti.

## Dalili: mtandao umerudi tangu jana na nakala bado hazilingani

Angalia mpasuko ulidumu kwa muda gani. Ujumbe wa kupelekwa baadaye hauwekwi milele: kwa kawaida mratibu akiona nakala imepotea kwa zaidi ya saa 3 anaacha kumwekea. Swichi ya dakika 25 inajirekebisha yenyewe. Kebo iliyokatika usiku kucha inaacha pengo ambalo litazibwa na usomaji wa bahati au na wewe. Endesha hii kwenye kila nodi, moja baada ya nyingine, bila kuruka yoyote:

```
nodetool repair --full -pr duka
```

Ujumbe uliowekwa pembeni, kwa njia, hauhesabiwi kwenye akidi. Kiwango pekee kinachoukubali kama uthibitisho ni `ANY`, na sijawahi kuona jedwali la oda linalokistahili.

Pengo likizidi siku 10 kuna jambo baya zaidi: safu zilizofutwa zinaweza kufufuka. Kufuta katika Cassandra ni kuandika alama ya kufutwa, na alama hiyo inaruhusiwa kusafishwa baada ya `gc_grace_seconds`, ambayo kwa kawaida ni 864000. Nodi iliyokosa alama ikarudi baada ya wenzake kuisafisha italeta safu ya zamani kama kitu kipya, na wenzake hawana cha kuipinga. Nodi iliyopotea muda huo isirudishwe kama ilivyo. Ifute data yake na uiingize kama mpya.

## Vituo viwili vya data

Watu huweka nakala tatu kila kituo na kuomba `QUORUM` wakiamini wamejikinga. Nakala zote ni sita, akidi ni nne. Kiungo kati ya vituo kikikatika, kila upande una tatu, na hakuna upande unaoweza kuandika. Dalili yake inatambulika mara moja: kosa 1000 kila mahali, `required_replicas` 4, `alive_replicas` 3, na ndani ya kila kituo nodi zote ni UN.

Ukibadili kuwa `LOCAL_QUORUM`, kila kituo kinajihesabia akidi ya mbili kati ya tatu zake na pande zote zinaendelea. Lakini hesabu ya `R + W > N` sasa inatimia ndani ya kituo kimoja tu. Ghala likisoma kituo cha kwanza na mteja akighairi kituo cha pili, umerudi saa 3:04 ya kesi yetu, safari hii kwa viwango vinavyoonekana sahihi kwenye msimbo. Njia inayofanya kazi ni kila oda iwe na kituo chake, na maandishi na masomo yake yote yaende huko. Au uwe na kituo cha tatu: nakala tisa, akidi tano, na kituo kimoja kikitengwa vingine viwili vina sita.

## Ipasue mwenyewe

Usisubiri swichi. Kwenye klasta ya majaribio, zima mawasiliano ya C na wenzake huku mlango wa wateja, 9042, ukibaki wazi:

```
iptables -A INPUT  -p tcp --dport 7000 -j DROP
iptables -A OUTPUT -p tcp --dport 7000 -j DROP
```

Papo hapo andika safu moja kupitia C kwa `QUORUM`, kisha andika safu nyingine vivyo hivyo baada ya sekunde 30. La kwanza linapaswa kukupa 1100 na la pili 1000. Kama programu yako inamwonyesha mtumiaji ujumbe uleule kwa yote mawili, anza kurekebisha hapo. Kisha ondoa sheria hizo kwa `-D`, subiri dakika chache, na usome safu zote mbili kwa `ALL`. Ya kwanza itakuwa imebadilika. Ya pili haitakuwa imebadilika.